Fundi mkuu amechelewa, simenti imeisha: kamati ya ujenzi impime vipi?

Wiki chache zilizopita tulipokea ujumbe wa simu kutoka kwa msikilizaji aliye kwenye kamati ya ujenzi ya shule kijijini kwao. Aliandika hivi: "Fundi wetu amechelewa siku 12, simenti imeisha kabla ya muda, wananchi wanasema ameiba. Tumfukuze?" Tulipousoma hewani simu hazikukatika. Nusu ya waliopiga walisema afukuzwe leo leo. Nusu nyingine walikuwa mafundi.

Swali lenyewe ni kubwa kuliko dakika za kipindi, kwa hiyo tumeona tuliandike hapa, mlisome taratibu na mkipenda mlisome kwenye kikao. Tunazungumzia ujenzi wa fosi akaunti, ule ambao kijiji au shule hununua vifaa yenyewe na kuingia mkataba wa ufundi tu na fundi wa eneo hilo. Katika ujenzi wa namna hii hakuna kampuni ya mkandarasi inayobeba lawama. Anayesimamia kazi pale chini ni fundi mkuu, wengine mnamwita foromani, wengine nyapara. Mhandisi wa halmashauri hufika mara moja moja. Siku zilizobaki zote, anayemwona fundi akifanya kazi ni ninyi wa kamati.

Kamati nyingi humpima kwa mambo mawili tu: amemaliza lini, na ametumia simenti mifuko mingapi. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Fundi akijua mnamhesabia siku, atang'oa mirunda chini ya lenta kabla zege halijakomaa. Akijua mnamhesabia simenti, atapunguza simenti kwenye zege na ninyi mtampongeza kwa kubana matumizi. Usalama, muda, vifaa na watu wake vinavutana, na ukishika kimoja peke yake kingine kinaumia. Kwa hiyo vitazamwe vyote vinne kwa pamoja, na vitazamwe kwenye maandishi.

Daftari kabla ya hukumu

Nunueni kaunta buku moja siku ambayo msingi unaanza kuchimbwa. Kila jioni mjumbe mmoja wa kamati aandike mistari michache: leo wamekuja mafundi wangapi na saidia fundi wangapi, fundi mkuu mwenyewe alikuwepo au hakuwepo, kazi gani imefanyika, kifaa gani kimeingia na kipi kimetoka stoo, na kama kazi ilisimama, ilisimama kwa sababu gani. Huo mstari wa sababu ndio wenye thamani kuliko mingine yote. Fundi mkuu asaini pale chini kila siku. Akiwa hakubaliani na lililoandikwa, aandike lake pembeni.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya ziada. Ni kweli, ni dakika kumi kila jioni. Lakini bila daftari, siku ya kikao kila mtu huja na kumbukumbu yake, na mwenye sauti kubwa ndiye hushinda.

Siku 12 zilikuwa za nani?

Turudi kwa msikilizaji wetu. Tulimpigia, na kwa bahati nzuri mtunza stoo wao alikuwa na daftari. Mkataba ulisema kazi ya kuanzia msingi hadi kumwaga jamvi la madarasa mawili ni siku 21. Fundi alimaliza siku ya 33. Kwa mtu wa nje, huyo ni fundi mzembe.

Daftari lilisema mengine. Siku 5 kazi ilisimama kwa sababu kokoto hazikuwa zimefika. Kununua kokoto ni jukumu la kamati, si la fundi. Siku 3 ilinyesha mvua na mitaro ya msingi ikajaa maji. Zilizobaki ni 4. Katika hizo, siku 2 vibarua hawakutokea kwa sababu walikuwa wanadai malipo yao ya wiki iliyopita, na siku 2 fundi mkuu alikuwa kijiji cha jirani kwenye kazi yake nyingine, huku mafundi wake wakimsubiri awapimie kona.

Kwa hiyo siku za fundi ni 4, siku za kamati ni 5, na 3 hazina mwenyewe. Hata zile 4 hazifanani. Kwenda kwenye kazi nyingine ni kosa lake waziwazi. Malipo ya vibarua yalihitaji kuulizwa zaidi: je, kamati ilikuwa imemlipa fundi sehemu yake kwa wakati? Ilikuwa imemlipa, na yeye alichelewa kuwapa. Hizo nazo zikabaki zake.

Kuna siku nyingine ambazo kamati huzihesabu kuwa za uvivu kumbe ni za kazi. Zege likishamwagwa linahitaji kumwagiliwa maji kwa siku 7 angalau, na usipolimwagilia linakauka kabla ya kushika nguvu. Mirunda inayobeba lenta nayo hukaa kama siku 14, na lenta ikiwa ya nafasi pana hukaa zaidi kwa maelekezo ya mhandisi. Ukipita siku hizo utaona watu wachache na mtu mmoja ameshika ndoo. Usiandike "kazi imesimama". Andika "zege linamwagiliwa". Fundi mzuri huzipanga siku hizo. Zege la upande mmoja likikomaa, watu wake wanajenga upande mwingine au wanachimba shimo la choo. Fundi asiyepanga huwaambia watu wakae nyumbani, na hapo ndipo alama yake ya muda inaposhuka kwa haki.

Simenti iliyopotea ilikuwa chini ya miguu yao

Sasa tuje kwenye lile la wizi. Madarasa yao yalikuwa na ukubwa wa mita 9 kwa 7 kila moja, yaani mita za mraba 63, na yote mawili ni 126. Ramani ilitaka jamvi la unene wa sentimita 10. Ukizidisha 126 kwa 0.10 unapata mita za ujazo 12.6 za zege. Kwa mchanganyiko wa simenti moja, mchanga mbili na kokoto nne, mita moja ya ujazo hula takriban mifuko 6 na nusu ya kilo 50. Kwa hiyo jamvi zima lilipaswa kula mifuko kama 82. Stoo ilitoa mifuko 98. Pengo ni mifuko 16, na kijijini mifuko 16 tayari ilikuwa na majina ya watu.

Tulimshauri mwenyekiti wao apime unene wa jamvi lililomwagwa kabla ya kumwita mtu yeyote mwizi. Walipima kwenye milango miwili ambako ukingo wa zege unaonekana, kisha wakatoboa matundu mawili madogo kwa tindo sehemu ambayo ingefunikwa na sakafu ya juu. Walipata sentimita 12, 13, 11 na 12. Wastani ni 12. Piga hesabu tena: 126 mara 0.12 ni mita za ujazo 15.1 hivi, na hizo mara 6 na nusu ni mifuko 98.

Simenti yote ilikuwepo ndani ya jamvi, hakuna aliyeiba. Lakini hilo halimfanyi fundi awe safi, maana mifuko 16 imezikwa bure. Kifusi na mawe ya chini hayakusawazishwa wala kushindiliwa vizuri kabla ya kumwaga, kwa hiyo zege likaenda kujaza mabonde. Mifuko hiyo ingetosha kufyatua zaidi ya tofali 400 za inchi 6. Huo ni upotevu wa vifaa, na ni wa fundi mkuu, kwa sababu kuvuta kamba toka ukuta hadi ukuta na kupima kina chake sehemu kadhaa kabla ya kumwaga ni kazi ya nusu saa, na ni yake.

Angalieni na upande wa pili wa hesabu hii. Kama stoo ingetoa mifuko 60 kwa jamvi hilo hilo, kamati nyingi zingefurahi. Sisi tungeogopa. Ama jamvi ni jembamba, ama zege lina simenti pungufu. Fundi wa namna hiyo amewaachia sakafu itakayopasuka watoto wakishaanza kusoma. Alama nzuri ya vifaa ni kutumia karibu na kile kilichokadiriwa. Aliyetumia kidogo kuliko wote si lazima awe ndiye bora.

Siku ya kumwaga zege, simameni dakika chache kwenye eneo la kuchanganyia. Mtaona upotevu kwa macho. Je, wana boksi la kupimia, au wanapima kwa toroli? Mfuko mmoja wa simenti ni kama lita 35, kwa hiyo boksi la mbao la sentimita 40 kwa 35, kina 25, ni sawa na mfuko mmoja kamili. Mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga, manne ya kokoto, basi. Toroli nalo linaweza kutumika, lakini toroli la kujaza kilima si sawa na toroli la kusawazisha, na saa saba mchana mtu aliyechoka hajazi kama alivyojaza asubuhi. Tazameni pia zege linalobaki wakati wa chakula. Fundi anayejua kazi huacha kuchanganya mapema ili lote litumike. Asiyejua hulikuta limeanza kushika, analimwagia maji, analikoroga na kulitumia. Hapo amepoteza simenti na nguvu ya jengo kwa pamoja.

Jambo moja la kumtendea haki: mifuko iliyoganda stoo si yake, kama stoo iko mikononi mwa kamati. Simenti ikilazwa chini kwenye udongo au kuegemezwa ukutani inavuta unyevu. Ilazwe juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Fundi akishapeleka mifuko kumi pale kazini na mvua ikaikuta haijafunikwa, hiyo ni yake.

Kofia ngumu zinadanganya

Kwenye usalama, viongozi wengi hutazama kofia na buti. Sisi hatuzidharau, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Lakini kofia huvaliwa gari la halmashauri linapoonekana barabarani na huvuliwa likishageuza. Ukitaka kumjua fundi mkuu, tazama vitu visivyoweza kuvaliwa haraka.

Tazama shimo la choo. Udongo ukishapita kimo cha kifua cha mtu unaweza kuporomoka bila kutoa taarifa, na mtu aliyefukiwa mpaka kifuani hawezi kupumua hata kama kichwa kiko nje. Je, udongo uliochimbwa umerundikwa ukingoni kabisa, au umesogezwa angalau mita moja? Kuna ngazi ndani ya shimo, au mchimbaji anavutwa kwa kamba? Kuna mtu juu anayemwangalia, au yuko peke yake? Je, kuta zimeegemezwa kwa mbao au kuchimbwa kwa kulazwa, hasa kama udongo ni wa kichanga au mvua imenyesha? Ukiona mpasuko mrefu juu ya ardhi unaoandamana na ukingo wa shimo, usingoje kikao. Mtoe mtu shimoni saa hiyo hiyo.

Kisha tazama jukwaa. Ukuta ukishafika usawa wa lenta mafundi husimama juu ya mbao zilizolazwa kwenye mirunda. Mbao moja inayocheza, isiyofungwa, na juu yake kumepangwa tofali ishirini, ni ajali inayosubiri mtu wake. Mwombe fundi mkuu apande yeye kwanza. Tumewahi kuona fundi akikataa kupanda jukwaa lake mwenyewe, na kikao cha kamati siku hiyo kilikuwa kifupi.

Na lenta. Tumeshasema mirunda hukaa kama siku 14. Tarehe ya kumwaga iandikwe kwenye daftari, na ikiwezekana iandikwe kwa chaki kwenye mbao yenyewe. Mirunda ikionekana imetoka siku ya sita, mwulizeni nani aliruhusu. Mara nyingi jibu ni kwamba mirunda ilihitajika upande mwingine, maana iliyonunuliwa haitoshi. Hapo kosa lina wazazi wawili.

Kuhusu ajali ndogo tunatofautiana kidogo na baadhi ya waliotupigia. Wao walisema fundi ambaye hajawahi kuandika ajali yoyote apewe alama za juu. Kwenye kazi ya miezi mitatu yenye watu kumi na tano, lazima tofali lidondoke, msumari uchome mguu, simenti mbichi iunguze ngozi ya mtu. Daftari likiwa tupu kabisa, kuna uwezekano mkubwa kwamba watu wanaogopa kusema. Sisi tungemtazama fundi kwa alichokifanya kesho yake. Tofali lilidondoka Jumatatu. Jumanne je, aliweka mbao ya kuzuia ukingoni na kukataza watu kupita chini? Au alisema tu, "Muwe makini"?

Watu wake

Usimamizi wa vibarua ndio mgumu zaidi kuandika kwenye daftari, lakini una dalili zake. Ya kwanza ni sura mpya. Kila wiki ukikuta saidia fundi wapya, uliza waliotangulia wameenda wapi. Mara nyingi jibu ni malipo. Mtu mmoja wa kamati azungumze na vibarua pembeni, fundi akiwa hayupo, na awaulize kwa upole: mara ya mwisho mmelipwa lini, na mlikubaliana shilingi ngapi? Waulizeni na akina mama wanaobeba maji na mchanga, maana hao ndio hulipwa mwisho na ndio hawaulizwi.

Ya pili, fikeni saa mbili asubuhi bila kutoa taarifa, siku ambayo fundi mkuu hayupo. Ulizeni: leo anayesimamia ni nani? Wote wakitazamana, basi fundi hana mpango. Akijitokeza mmoja na kusema, "Ni mimi, tunapandisha ukuta wa nyuma mpaka kozi ya nane, maji yanakuja saa nne," fundi wenu anajua kuongoza hata akiwa mbali.

Ya tatu ni watu waliosimama. Mafundi wanne wakisubiri udongo wa kujengea huku saidia fundi mmoja anakoroga peke yake, hao hawajapangwa. Kwa kawaida kila fundi anahitaji saidia fundi mmoja au wawili, na siku ya zege wanahitajika zaidi. Lakini kabla ya kuandika, hakikisheni maji yalikuwepo. Mahali pengi tulipopita, watu waliokaa chini ya mti walikuwa wanasubiri bodaboda la maji ambalo kamati haijalilipa.

Kikao chenyewe

Msingoje jengo liishe. Kaeni na fundi mara nne: jamvi likishamwagwa, lenta ikishakaa, kenchi na bati zikishapanda, na umaliziaji ukiisha. Mkiwa kwenye jamvi bado kuna cha kurekebisha. Mkiwa kwenye rangi, mtabaki kulaumiana.

Kwa kila jambo katika yale manne, andikeni neno moja tu, vizuri, wastani au hafifu, na chini yake sababu yenye tarehe. Hatupendekezi asilimia. Tumeona kamati ikimpa fundi 70 kwa mia kwa kujumlisha alama, wakati mtu alikuwa shimoni bila ngazi. Usalama usichanganywe na alama nyingine. Ukiwa hafifu, kazi inasimama mpaka kilichoonekana kirekebishwe, hata kama mengine yote ni mazuri.

Kikao cha yule msikilizaji wetu kilifanyika chini ya mwembe wa shule. Mwenyekiti alitusimulia baadaye. Alimsomea fundi kutoka kwenye daftari: "Fundi, siku nne tunaona ni zako. Na mifuko kumi na sita imeingia chini kwa sababu hapakusawazishwa. Wewe unasemaje?" Fundi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, za kwenda kule kijiji cha pili nakubali. Kifusi nilisawazisha kwa macho. Lakini hizo kokoto za siku tano na zenyewe ziandikwe." Zikaandikwa.

Walimwandikia hivi: muda, wastani, vifaa, hafifu, watu, wastani, usalama, vizuri, kwa sababu shimo la choo lilikuwa na ngazi na kuta zake ziliegemezwa kwa mbao. Hakufukuzwa. Walikubaliana mambo matatu kwa maandishi: asitoke eneo la kazi bila kumtaja anayebaki kusimamia, vibarua walipwe kila Jumamosi mbele ya mjumbe mmoja wa kamati, na zege lolote lisimwagwe kabla kamba haijavutwa na mjumbe kupima kina. Kamati nayo ilikubali kuagiza kokoto wiki mbili kabla.

Juzi alitutumia ujumbe mwingine. Lenta imemwagwa, na kwenye mbao wameandika tarehe kwa chaki.